Maneno ya Kiitaliano Kwenye Nota za Haleluya

Kwaya nyingi za Kiswahili huimba Haleluya ya Handel, wengine Krismasi na wengine Pasaka, na waimbaji wengi huijua kwa masikio kabla hawajaiona kwenye karatasi. Mwalimu akigawa nakala ndipo mgeni anapogundua kwamba ukurasa una mengi zaidi ya nota. Juu ya mstari wa kwanza, upande wa kushoto, pameandikwa *Allegro*. Chini ya nota kuna herufi *f*, mbele kidogo *p*, kwingine *cresc.*, na karibu kabisa na mwisho neno *Adagio*. Aliyezoea solfa huyapita maneno haya akitafuta sauti yake iko wapi, kisha humwachia mwalimu wa kwaya ahangaike nayo.

Mtunzi alikuwa Mjerumani, maneno ya wimbo aliyatungia muziki kwa Kiingereza, na maelekezo akayaandika kwa Kiitaliano. George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Mwaka 1706, akiwa kijana, alikwenda Italia na kukaa huko hadi 1710. Enzi hizo mwanamuziki wa Ulaya aliyetaka kujua opera inatungwaje, au violini inaandikiwaje, aliwatazama Waitaliano, nao walikuwa wameshazoea kuandika maelekezo juu ya nota kwa lugha yao wenyewe. Giovanni Gabrieli wa Venisi alichapisha mwaka 1597 kipande chenye jina *Sonata pian e forte*, ambamo wapiga tarumbo waliandikiwa wapi wapige kwa sauti ndogo na wapi kwa sauti kubwa. Waliojifunza muziki kwa Waitaliano waliondoka na maneno yao pia. Handel alipohamia London alitunga opera za Kiitaliano kwa miaka mingi, na alipogeukia oratorio za Kiingereza hakuona sababu ya kubadilisha. Masihi, oratorio ambayo ndani yake imo Haleluya, aliiandika kwa siku 24 mwaka 1741, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Ukiifungua utakuta Kiitaliano kila baada ya kurasa chache.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili. Irabu za Kiitaliano zinasomeka karibu sawasawa na zetu, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea: *allegro*, *andante*, *moderato*. Ya kuangalia ni konsonanti chache tu. Herufi *c* ikifuatwa na *e* au *i* husomwa ch, kwa hiyo *dolce* ni dolche. *Sc* mbele ya irabu hizo husomwa sh, ndiyo maana *crescendo* ni kreshendo. *Gio* husomwa jo, na *adagio* ikawa adajo. Kinyume chake, *h* huifanya *g* iwe ngumu, hivyo *larghetto* ni largeto. Neno *Fine*, linaloonyesha mahali pa kumalizia, lina silabi mbili, fi-ne. Wengi hulisoma Kiingereza, na likisomwa hivyo linageuka sifa badala ya kuwa mwisho.

Tuanze na *Allegro*. Ukimuuliza mwanafunzi wa muziki atakujibu kwamba maana yake ni haraka. Katika Kiitaliano cha kila siku neno hilo humwelezea mtu mchangamfu, mwenye furaha. Kasi inatokana na uchangamfu huo: muziki wenye furaha hautambai. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka pale unapofungua programu ya metronomu kwenye simu na kukuta imeandikwa kwamba Allegro ni mapigo 120 hadi 168 kwa dakika. Mwalimu aliyeamini jedwali hilo ataiweka kwaya yake kwenye 120, kiwango cha chini kabisa, akidhani amekuwa mpole.

Hebu tupige hesabu. Haleluya ina vipimo 94, yaani visehemu 94 vinavyotenganishwa na mistari ya wima, na kila kipimo kina mapigo manne. Jumla ni mapigo 376. Kwa kasi ya 120 wimbo mzima utaisha kwa dakika 3 na sekunde 8 hivi. Kwa kasi ya 96 utachukua dakika 3 na sekunde 55, na huko ndiko kwaya nyingi zinakojikuta, karibu na dakika nne. Tatizo la 120 utalisikia pale waimbaji wanapoanza kuitupa haleluya ile fupi, moja baada ya nyingine. Silabi mbili za kwanza, ha na le, zinabanwa pamoja ndani ya nusu ya pigo. Kwa kasi ya 120, kila moja inapata thumni ya sekunde. Mwimbaji mzoefu ataiweza, lakini kwaya ya watu arobaini katika kanisa lenye mwangwi haitaiweza: *h* inapotea, *l* inamezwa, na msikilizaji aliyekaa nyuma anasikia mvumo tu. Dalili nyingine ni kwamba besi huanza kuchelewa, maana sauti nzito huchukua muda zaidi kuanza. Mwalimu akiona besi wanamkimbiza wenzao bila kuwafikia, asiwagombeze kwanza. Apunguze kasi kwa mapigo kumi, kisha asikilize tena.

Handel mwenyewe hakuwa na metronomu. Johann Maelzel aliisajili kama mali yake mwaka 1815, akitumia wazo ambalo fundi Dietrich Winkel wa Amsterdam alikuwa amelitengeneza mwaka mmoja kabla, na kufikia wakati huo Handel alikuwa kaburini kwa zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo namba zote za metronomu unazoziona juu ya nyimbo zake ziliwekwa na watu wengine. Kipimo alichokuwa nacho kilikuwa neno, pamoja na akili ya mwanamuziki aliyejua kuangalia nota fupi kuliko zote kwenye ukurasa na kujiuliza: hizi zinaweza kutamkwa kwa kasi gani na bado zikachangamka? Hiyo ndiyo njia ninayompendekezea mwanafunzi hadi leo. Tafuta mahali pagumu zaidi, paimbe kwa kasi inayoeleweka, na hiyo ndiyo Allegro ya wimbo huo katika jengo hilo.

Ukishalielewa neno kama hali, viambishi vyake vinaanza kuwa na mantiki. Kiitaliano kina kiishio cha kudogosha, *-etto* au *-ino*, na cha kuzidisha, *-issimo*. *Allegretto* ni Allegro iliyopunguzwa, uchangamfu mdogo zaidi, na kwa hiyo ni taratibu kuliko Allegro. *Largo* maana yake ni pana, na ndio mwendo wa polepole sana. *Larghetto* ni upana uliopunguzwa, na kwa hiyo ni haraka kidogo kuliko Largo. Kiishio ni kile kile, lakini kimoja kimeturudisha nyuma na kingine kimetusukuma mbele. Anayekariri kwamba *-etto* ni polepole atakosea nusu ya wakati. Kinachopungua ni ile sifa iliyotajwa, na kasi inafuata sifa hiyo. Katika Masihi wimbo wa kwanza wa mwimbaji tena umeandikwa Larghetto, na nimewasikia waimbaji wakiuburuza kana kwamba wamo kwenye mazishi, ilhali mtunzi alishawaambia wasifike huko.

Kuna neno moja lililowatatiza hata wakubwa. *Andante* linatokana na kitenzi cha Kiitaliano cha kwenda, nalo linaashiria mwendo wa mtu anayetembea bila kukimbizwa na bila kuzubaa. Sasa *Andantino*, kwenda kulikopunguzwa, ni haraka zaidi au polepole zaidi? Ukiihesabu Andante kuwa mwendo wa taratibu, basi utaratibu umepungua na tunaongeza kasi. Ukiihesabu kuwa ni kusonga, basi kusonga kumepungua na tunapunguza kasi. Mwaka 1813 Beethoven, aliyekuwa akipanga nyimbo za Kiskoti kwa ajili ya mchapishaji George Thomson wa Edinburgh, alimwandikia kumuuliza afafanue anamaanisha Andantino ipi, kwa kuwa neno hilo hutumika kwa maana zote mbili. Siku hizi wengi huichukua kuwa ni haraka kidogo kuliko Andante, lakini ukikutana nalo kwenye kipande cha zamani usione aibu kujaribu pande zote mbili. Beethoven huyo huyo aliichangamkia metronomu, na mwaka 1817 akachapisha namba za simfoni zake nane alizokuwa amezitunga hadi hapo. Mwaka huo huo alilalamika katika barua kwamba Allegro humaanisha furaha, ilhali mara nyingi muziki wenyewe uko mbali sana na furaha. Hata hivyo aliendelea kuyaandika maneno hayo, kwa sababu namba haiwezi kukueleza uso wa kuimbia.

Baada ya kasi huja ukubwa wa sauti. Herufi *p* ni kifupi cha *piano*, sauti ndogo. *F* ni *forte*, sauti yenye nguvu. Katikati kuna *mp* na *mf*, ambapo *m* ni *mezzo*, nusu, na linatamkwa medzo. Herufi zikirudiwa, *pp* au *ff*, zinasomwa *pianissimo* na *fortissimo*. Wala hakuna mashine inayoweza kukwambia *mf* ni kiasi gani. Forte ya watoto kumi na wawili ni ndogo kuliko piano ya kwaya ya kanisa kuu, na bado ni forte. Herufi hizi zinakwambia usimame wapi ukilinganisha na ulipotoka na unapokwenda. Ndiyo maana kwaya iliyoanza ukurasa wa kwanza kwa nguvu zake zote haina tena kitu cha kufanya *ff* inapotokea ukurasa wa tano.

Kosa linalojirudia katika mazoezi ni kuchanganya sauti ndogo na mwendo mdogo. Mwalimu akiinua kiganja kuashiria *p*, kwaya hupunguza sauti, hupunguza pumzi, na ndani ya vipimo vinne hupunguza pia kasi na kushuka ufunguo. Mpiga kinanda anapoingia tena ndipo kila mtu anashtuka. Namna ya kuligundua mapema ni rahisi: piga makofi kwa upole wakati kwaya inaimba *p*, au mwambie mtu mmoja agonge mapigo mezani. Midomo ikianza kubaki nyuma ya mapigo, piano imegeuka usingizi. Sauti ndogo inahitaji pumzi nyingi na konsonanti kali kuliko sauti kubwa, maana matamshi ndiyo yanayoubeba wimbo.

Kosa jingine ni la *crescendo*, ambayo huandikwa *cresc.* au huchorwa kama mdomo wa ndege unaofunguka kuelekea kulia. Ni kitenzi kilicho katikati ya tendo: ikikua. Mwimbaji akiliona neno hilo hupandisha sauti palepale, na njia yote iliyobaki inakosa pa kupanda. Pale neno lilipoandikwa ndipo sauti ingali ndogo. Kwaya inayojua hivyo huweka alama ya penseli kwenye *cresc.* na kuandika juu yake *p*, kujikumbusha inaanzia wapi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo nakala nyingi hazilisemi waziwazi. Sehemu kubwa ya alama hizi za sauti unazoziona kwenye Haleluya hazikuandikwa na Handel. Yeye aliandika *piano* na *forte* mahali alipoona pana haja, lakini kwaya zake ziliongozwa naye mwenyewe akiwa mbele yao, na mengine yalisemwa kwa mdomo au yalijulikana na kila mtu. Wahariri wa karne ya 19 na ya 20, waliochapishia kwaya kubwa za waimbaji wasio wa kulipwa, ndio waliozijaza kurasa. Nakala nyingi, kwa mfano, zina *p* pale katikati ya wimbo ambapo sauti zote zinashuka chini na maneno yanazungumzia falme za dunia hii, halafu *f* kubwa pale sauti zinaporuka juu kumtaja Bwana. Mhariri hakukosea. Aliyasoma yale ambayo nota zenyewe zinasema, kwa kuwa soprano akiimba chini hawezi kupiga kelele hata akitaka. Lakini ni ushauri, na mwalimu ana haki ya kuujadili. Amri ya mtunzi ina uzito mwingine. Nakala iliyohaririwa kwa uangalifu huonyesha tofauti: alama za mhariri huwekwa kwenye mabano, au kwa herufi ndogo zaidi, na mwanzoni mwa kitabu hueleza mtindo uliotumika. Nakala ya mitandaoni iliyochapwa upya na mtu asiyejulikana huchanganya zote pamoja, na hapo hujui unamtii nani.

*Adagio* ya mwisho ni kisa kingine, nayo ndiyo inayowaumbua wengi. Neno hilo kwa asili ni kwa utulivu, bila haraka. Baada ya haleluya nne za nguvu zinazofuatana, Handel ameandika pumziko: kwaya yote na ala zote zinanyamaza. Kisha inakuja haleluya moja ya mwisho, Adagio, yenye nota ndefu. Kila mwalimu wa kwaya anamjua mtu aliyeimba peke yake ndani ya pumziko lile mbele ya kanisa lililojaa. Sababu yake ni ya kimwili: mwili umekuwa ukirudia mdundo ule ule na unataka kuendelea. Dawa ni kuhesabu pumziko kwa kasi ya zamani, ile ya Allegro, kwa sababu Adagio haijaanza bado. Inaanza na silabi ya kwanza baada ya ukimya. Anayepunguza kasi mapema, ndani ya pumziko, anaufanya ukimya uwe mrefu usiokadirika, na hapo ndipo mwenye haraka anapoponyoka. Mwalimu naye aonyeshe wazi pigo moja la maandalizi katika kasi mpya kabla ya kuingia, la sivyo kila sauti itaingia na Adagio yake.

Inafaa kuitenganisha Adagio kama hii na *rit.* unayoikuta kwenye nyimbo nyingi za kwaya zetu, hasa kwenye kipimo cha mwisho cha ubeti. *Rit.* ni *ritardando* au *ritenuto*, na kwa kawaida kwaya huisoma kama kupunguza kasi hatua kwa hatua. Adagio inabadilisha mwendo papo hapo na kukaa humo. *Rit.* ina mteremko, na mteremko huo una mwisho, unaoandikwa *a tempo*: rudi kwenye mwendo wa awali. Maneno hayo mawili mafupi husahaulika kuliko mengine yote. Kwaya inapunguza kasi vizuri mwishoni mwa ubeti wa kwanza, inaanza kiitikio kwa kasi ile ile iliyopungua, inapunguza tena, na kufika ubeti wa nne wimbo uko nusu ya kasi ulioanza nayo. Ukitaka kujua kama imewapata, rekodi wimbo mzima kwa simu, kisha cheza vipimo vinne vya mwanzo na vinne vya ubeti wa mwisho kwa kufuatana.

Nyimbo hizo pia huwa na *D.C.*, *da capo*, yaani kutoka kichwani, na *D.S.*, *dal segno*, kutoka kwenye ile alama inayofanana na S iliyokatwa kwa mstari. Ukiambiwa *D.C. al Fine*, unarudi mwanzo na kuimba hadi neno *Fine*, kisha unaacha, hata kama ukurasa una nota zaidi. Katika Masihi ziko arya zilizojengwa hivyo, na mwimbaji wa enzi ya Handel alipewa ruhusa ya kuremba melodia aliporudia mwanzo. Katika kwaya zetu mwanzo huo mara nyingi ni kiitikio, na urembo wake ni kwamba kila mtu anakijua.

Maneno madogo ya kuunganisha ndiyo yatakayokufaa zaidi ya kukariri orodha ndefu. *Poco* ni kidogo, *molto* ni sana, *più* ni zaidi, *meno* ni pungufu, *ma* ni lakini, *non troppo* ni bila kuzidisha, *sempre* ni siku zote, *senza* ni bila. Kwa hayo unaweza kufungua sentensi usizowahi kuziona. Arya ya besi yenye tarumbeta katika sehemu ya tatu ya Masihi imeandikwa *Pomposo, ma non allegro*: kwa fahari, lakini si kwa uchangamfu. Handel alijua kwamba mpiga tarumbeta na mwimbaji wake, wakishaona neno la fahari, watataka kukimbia, akawawekea breki mapema.

Na maelekezo mengine hayahusu kasi wala nguvu. Malaika wanapowatokea wachungaji, katika kwaya ya kumtukuza Mungu juu mbinguni, tarumbeta zinasikika kwa mara ya kwanza katika oratorio nzima, na juu yake Handel ameandika *da lontano e un poco piano*, kutoka mbali na kwa sauti ndogo kidogo. Katika ukumbi, wapigaji wanaweza kuwekwa nyuma ya mlango au juu ghorofani. Kwaya yenye kinanda kimoja cha umeme haina pa kukipeleka. Mpiga kinanda hapo afanye nini? Wengi huchagua mlio wa tarumbeta na kuufungulia, kwa kuwa nota zimeandikwa kwa tarumbeta. Ningemshauri aache mlio huo, achague ulio mwembamba zaidi, apunguze sauti ya spika robo moja, na asiiongeze hadi atakapofika Haleluya, ambako tarumbeta ziko karibu na hakuna aliyeandika *lontano*.